Hapana ya uongo: orodha ya digrii na nukta zinazoondoka moja moja

Programu yangu ya kwanza ya kupima orodha za digrii ilikataa mraba. Niliiandika jioni moja, nikaijaribu kwa orodha sita au saba, ikajibu sawasawa zote, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Kesho yake niliipa namba nne, 2, 2, 2, 2, nayo ikajibu kwamba hakuna grafu yenye digrii hizo. Mtu yeyote anaweza kuchora nukta nne, akaziunganisha kwa kuzunguka, akapata mraba ambao kila pembe yake imeshikwa na mistari miwili. Programu ilikuwa imekataa kitu ninachokiona kwa macho.

Kosa lilikuwa mstari mmoja niliousahau, na nitauonyesha. Lakini kilichonikaa rohoni ni swali lililofuata: kama programu hii inaweza kusema hapana mahali penye ndiyo, ni nini hasa kinachoifanya hapana ya njia hii iaminike inapofanyika sawasawa? Ndiyo haina shida, kwa sababu inakuja na grafu mkononi, unaihesabu mwenyewe. Hapana inakuja mikono mitupu. Inadai kwamba kati ya michoro yote inayowezekana hakuna hata mmoja unaofaa, na wewe hujauona hata mmoja. Makala hii ni juu ya hapana hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Grafu ninayoisema hapa ni nukta kadhaa na viungo kati yake. Ni grafu sahili, maana yake nukta haijiungi na nafsi yake, na nukta mbili haziwezi kuwa na zaidi ya kiungo kimoja kati yao. Digrii ya nukta ni idadi ya viungo vinavyoigusa. Ukipewa grafu, kuandika orodha ya digrii zake ni kazi ya kuhesabu tu. Sisi tunakwenda kinyume: tumepewa orodha ya namba, tunaulizwa kama kuna grafu sahili yenye digrii hizo.

Kuna chujio la haraka ambalo wengi hulijua. Kila kiungo kina ncha mbili, kwa hiyo kinahesabiwa mara mbili ukijumlisha digrii zote, na jumla lazima iwe shufwa. Leonhard Euler alilieleza hilo katika kazi yake ya mwaka 1736 kuhusu madaraja ya Königsberg. Jumla ikiwa witiri, umemaliza, hakuna grafu. Ikiwa shufwa, bado hujajua kitu. Tazama 3, 3, 3, 1. Jumla ni 10, shufwa safi. Lakini nukta ni nne tu, na yenye digrii 3 lazima iwe imeunganishwa na zote tatu zilizobaki. Ziko nukta tatu za namna hiyo, kila moja imeshika ya nne, basi ya nne imeshikwa mara tatu, na sisi tulitaka ishikwe mara moja. Haiwezekani. Kwa namba nne unaliona hilo bila msaada. Kwa namba arobaini huwezi, na hapo ndipo unahitaji njia.

Njia yenyewe ilichapishwa na Václav Havel mwaka 1955, kwa Kicheki, na Hakimi akaifikia kivyake mwaka 1962. (Huyu Havel ni mwanahisabati, si yule mwandishi wa tamthilia aliyekuwa rais.) Wengi huiita kwa majina yote mawili, Havel-Hakimi. Inafanya kazi hivi. Panga namba kutoka kubwa kwenda ndogo. Chukua ya kwanza, tuiite k, uitoe kwenye orodha. Kisha punguza moja kwenye kila namba kati ya k zinazofuata. Panga upya, rudia. Namba zote zikifika sifuri, jibu ni ndiyo. Ukikosa namba za kutosha za kupunguza, au namba ikashuka chini ya sifuri, jibu ni hapana.

Usiisome kama mchezo wa tarakimu. Kutoa k na kupunguza moja kwenye namba k zinazofuata ni kuchora. Umechukua nukta moja, ukaiunganisha na nukta k, ukaiweka pembeni kwa sababu imeshatimiza haja yake yote. Zile ulizoziunganisha zimepata kiungo kimoja kila moja, kwa hiyo haja yao imepungua kwa moja. Namba zilizobaki kwenye orodha si digrii tena, ni madai ambayo hayajalipwa.

Tuichore moja mpaka mwisho. Orodha ni 4, 4, 3, 3, 3, 2, 1, na nukta tuziite A, B, C, D, E, F, G kwa mpangilio huo. Jumla ni 20, kwa hiyo kama grafu ipo ina viungo kumi.

A inadai 4. Inaunganishwa na nne zinazoifuata, yaani B, C, D na E, kisha inatoka. Madai yaliyobaki ni B 3, C 2, D 2, E 2, F 2, G 1.

B inadai 3. Baada yake kuna nukta nne zilizolingana kwa 2, nasi tunahitaji tatu. Tuchukue C, D na E. Tungeweza kuchukua F badala ya mojawapo bila kuharibu kitu, na nitarudi kwenye uhuru huo baadaye. B inatoka. Sasa C 1, D 1, E 1, F 2, G 1.

Hapa mpangilio umevurugika. F, iliyokuwa karibu na mkia, sasa ndiyo yenye dai kubwa kuliko wote. Tukipanga upya F inakuja mbele na 2 yake, inaunganishwa na C na D, inatoka. Zinabaki E 1 na G 1, na C na D zimeshafika sifuri. E inashika G, na madai yote yameisha.

Viungo ni AB, AC, AD, AE, BC, BD, BE, FC, FD na EG. Ni kumi kamili. Hesabu mwenyewe: C imeshikwa na A, B na F, ni tatu, E imeshikwa na A, B na G, ni tatu, G ina E peke yake. Kila nukta imepata ilichodai. Huna haja ya kuniamini mimi wala Havel, grafu iko mbele yako.

Sasa turudi kwenye mraba wangu. Programu yangu ilikuwa inapanga orodha mara moja tu, mwanzoni, kisha inaendelea kutoa namba ya mbele bila kupanga tena. Kwa 2, 2, 2, 2 ilitoa 2 ya kwanza na kupunguza mbili zinazofuata, ikabaki na 1, 1, 2. Bila kupanga upya, ikachukua 1 ya mbele na kuiunganisha na 1 jirani yake. Ikabaki na 0, 2. Nukta moja inadai viungo viwili na hakuna wa kumpa. Ikasema hapana.

Kwa grafu, ilichofanya ni hiki: nukta A ilishika B na C, halafu B na C zikashikana, pembetatu ikafungwa, na D ikaachwa nje na madai yake mawili. Hakuna hatua iliyokuwa haramu. Kila kiungo kilikuwa halali. Lakini B ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki na ikaitoa kwa C isiyokuwa na shida, badala ya kuipa D iliyokuwa na dai kubwa. Ukipanga upya, 1, 1, 2 inakuwa 2, 1, 1, D inatoka kwa kushika B na C, na mraba umekamilika.

Niliporekebisha, programu ikawa hivi:

```python
def ni_grafu(orodha):
    d = sorted(orodha, reverse=True)
    while d and d[0] > 0:
        k = d.pop(0)
        if k > len(d):
            return False
        for i in range(k):
            d[i] -= 1
            if d[i] < 0:
                return False
        d.sort(reverse=True)
    return all(x == 0 for x in d)
```

Mstari niliousahau ni `d.sort(reverse=True)` wa ndani ya mzunguko. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba programu mbovu haikuwa mbovu pande zote mbili. Kila iliposema ndiyo, ilikuwa kweli, kwa sababu hata bila kupanga ilikuwa inachora viungo halali, na ikifika sifuri grafu ipo. Ubovu wake wote ulikuwa kwenye hapana. Orodha zangu za majaribio hazikuikamata: karibu zote nilizichagua kwa kuchora grafu kwanza na kuandika digrii zake, kisha zikapita kwa bahati. Ile 4, 4, 3, 3, 3, 2, 1 hapo juu, kwa mfano, inafika mwisho hata ukipuuza upangaji, mradi unaruka sifuri unapozikuta. Ukitaka kuijaribu programu ya namna hii, mpe orodha zenye namba zilizolingana zote, kama 2 nne au 2 tano, kwa sababu hapo kila hatua inavuruga mpangilio.

Sasa kuna jambo ambalo kwa muda mrefu nililielewa vibaya. Nilidhani siri ya njia hii ni kuanza na nukta kubwa kuliko zote. Siyo. Tazama tena kosa la mraba: programu ilichukua nukta yenye dai la 1 wakati kulikuwa na yenye 2. Hilo peke yake lisingedhuru. Kama ile yenye 1 ingeunganishwa na ile yenye 2, kingebaki 1, 1, na zingeshikana, na mraba ungepatikana vilevile. Dhambi haikuwa kumtoa mdogo. Dhambi ilikuwa kumuunganisha na mdogo mwenzake huku mkubwa akisubiri. Unaweza kuitoa nukta yoyote unayotaka, ila viungo vyake lazima uvipeleke kwa zenye madai makubwa kuliko zote kati ya zilizobaki.

Sababu yake ndiyo moyo wa jambo lote, na ndiyo inayoipa hapana uzito. Ni hoja ya kubadilishana viungo, na ningependa tuipitie polepole.

Tuseme grafu ipo. Sijui ilivyo, lakini ipo mahali fulani, na digrii zake ni zile za orodha. Chagua nukta yoyote v, yenye digrii k. Kati ya nukta nyingine zote, weka alama kwenye k zenye digrii kubwa zaidi. Zikilingana mpakani, chagua upendavyo. Njia yetu inataka v iunganishwe na hizo zenye alama. Grafu hii ya mtu huenda haijafanya hivyo. Huenda kuna nukta a yenye alama ambayo v haikuishika, na kwa sababu v ina viungo k kamili, lazima kuna nukta b isiyo na alama ambayo v imeishika. Digrii ya a si ndogo kuliko ya b, kwa kuwa ndivyo tulivyoweka alama.

Sasa linganisha majirani wa a na wa b. Kama a na b zenyewe zimeshikana, kiungo hicho kinahesabiwa kwa wote wawili, tukiweke kando. Baada ya hapo, a bado ina majirani wasiopungua wale wa b. Lakini b imetumia nafasi moja kwa v, na a haijamshika v. Kwa hiyo kati ya nukta nyingine, majirani wa a wanazidi wa b kwa angalau mmoja, na lazima kuna nukta c ambayo ni jirani wa a na si jirani wa b.

Hapo ndipo unabadilishana. Kata kiungo cha v na b, kata kiungo cha a na c. Unganisha v na a, unganisha b na c. Vyote viwili vipya ni halali, kwa sababu v na a hazikuwa zimeshikana, na b na c hazikuwa zimeshikana. Digrii za wote wanne hazikubadilika: kila mmoja amepoteza kiungo kimoja na kupata kimoja. Orodha ni ileile. Ila sasa v imeshika nukta moja zaidi yenye alama. Rudia, na baada ya mabadilishano yasiyozidi k, v imeshika zote zenye alama na hakuna nyingine.

Kwa hiyo kama kuna grafu yoyote ya orodha hii, basi kuna grafu ambamo v imeunganishwa vilevile njia yetu inavyotaka. Toa v kwenye grafu hiyo, na kilichobaki ni grafu ya orodha fupi, ile iliyopunguzwa. Upande wa pili ni rahisi: ukiwa na grafu ya orodha fupi, irudishie v na viungo vyake, unapata grafu ya orodha ndefu. Orodha mbili zinasimama pamoja au zinaanguka pamoja.

Rudi juu utafute ni wapi nilitumia kwamba k ni namba kubwa kuliko zote. Hakuna mahali. Nilipoona hilo kwa mara ya kwanza nilisoma hoja mara tatu kuhakikisha sijaruka kitu. Ukubwa ulitumika kwa a na b tu, yaani kwa wale wanaounganishwa.

Na sasa hapana ina miguu ya kusimamia. Chukua 5, 5, 4, 3, 2, 1. Jumla ni 20, shufwa. Toa 5: zilizobaki zinakuwa 4, 3, 2, 1, 0. Toa 4: zinakuwa 2, 1, 0 na kasoro moja. Imekwama. Huna haja hata ya kufika kwenye namba hasi, kwani 4, 3, 2, 1, 0 inajisema: katika nukta tano, moja inataka kushika zote, na nyingine haitaki kushikwa na yeyote. Hazikai nyumba moja. Na kwa kuwa kila hatua imehifadhi ukweli, kutowezekana huku kunakoonekana kwenye orodha fupi kunarudi nyuma mpaka kwenye ile ndefu. Hatukupita kwenye michoro yote. Tulithibitisha kwamba kuna mchoro mmoja wa kupitia, na kwamba nao haupo.

Hata hivyo, ukimpelekea mtu hapana ya namna hii, unamlazimu arudie hatua zako zote ili akubali. Wakati mwingine nataka sababu moja anayoweza kuishika papo hapo. Kwa hilo kuna sharti la Paul Erdős na Tibor Gallai la mwaka 1960, ambalo linatazama nukta chache zenye madai makubwa na kuuliza kama kuna viungo vya kutosha kuzilipa. Kwa orodha yetu, tazama zile 5 mbili. Zinadai jumla ya ncha 10. Kati yao wenyewe kinaweza kuwapo kiungo kimoja tu, chenye ncha mbili. Kilichobaki lazima kitoke kwa nukta nyingine nne, na kila moja inaweza kuzipa ncha mbili kwa wingi, moja kwa kila 5, na tena si zaidi ya digrii yake yenyewe. Yenye 4 inatoa 2, yenye 3 inatoa 2, yenye 2 inatoa 2, yenye 1 inatoa 1. Jumla 7, ukiongeza 2 za ndani ni 9. Zinadaiwa 10. Imekosekana ncha moja.

Erdős na Gallai walithibitisha kwamba orodha yenye jumla shufwa ikiwa haiwezekani, basi daima kuna kikundi cha namna hiyo mbele ya orodha ambacho madai yake yanazidi kinachopatikana. Kwa hiyo mimi hutumia njia zote mbili. Jibu likiwa ndiyo, naonyesha grafu iliyochorwa kwa kuondoa nukta. Likiwa hapana, natafuta kikundi kilichozidiwa na kukiandika. Ukitumia maktaba ya NetworkX, `nx.is_graphical(orodha)` inapima kwa sharti la Erdős na Gallai usipoiambia vingine, na ukiandika `method="hh"` inapima kwa kuondoa. Zikipingana na programu yako, kosa liko kwako, na kwa uzoefu wangu liko karibu na kupanga upya.

Nilisema nitarudi kwenye uhuru. Uko wa aina mbili: nani unamtoa, na nani unamchagua wanapolingana. Hakuna kati ya hizo unaobadilisha ndiyo au hapana, lakini unabadilisha sana sura ya grafu unayopata. Chukua 2 sita. Ukitoa kubwa kila mara, A inashika B na C, kisha D inashika E na F, na zinabaki B, C, E, F zikidai kimoja kimoja. Ukiunganisha B na C, halafu E na F, umepata pembetatu mbili zilizotengana. Ukiunganisha B na E, C na F, umepata pembesita moja. Orodha ileile, njia ileile, grafu mbili tofauti kabisa, na kilichoamua ni jinsi ulivyopanga nukta zilizolingana.

Sasa jaribu kumtoa mwenye dai dogo kuliko wote kila mara, ukimuunganisha bado na wakubwa. A inashika B na C. B imebaki na 1, inatoka kwa kushika D. C nayo inashika E. Sasa D ina 1, E ina 1, F ina 2. D inashika F, na E inashika F. Fuata mzunguko: A, B, D, F, E, C, kisha A. Ni pembesita, na hii si bahati. Ukimtoa mdogo kwanza, grafu unayopata ni kipande kimoja kilichoungana kila inapowezekana orodha hiyo kuwa na grafu iliyoungana. Ukitoa mkubwa kwanza, huna ahadi hiyo. Mtu anayechora mtandao ambao lazima kila nukta ifikike kutoka kila nyingine angechagua mdogo bila kusita, na bado naona watu wengi wakitumia mkubwa kwa mazoea tu.

Mpaka mmoja ubaki wazi. Njia hii inakupa grafu, haikupi grafu zote, na haichagui kwa haki kati yake. Orodha 2, 2, 1, 1, 1, 1 ina sura mbili. Moja ni mnyororo wa nukta nne pamoja na jozi moja pembeni. Nyingine ni minyororo miwili ya nukta tatu tatu. Ukitoa mkubwa kwanza, yule mwenye 2 lazima amshike mwenye 2 mwenzake, kwa kuwa ndiye mkubwa kati ya waliobaki, na utapata sura ya kwanza daima, hata urudie mara elfu na kuchanganya waliolingana upendavyo. Kwa hiyo anayetaka grafu ya kubahatisha yenye digrii fulani, ili aone mtandao wake una jambo lisilo la kawaida au la, asichukue ile iliyotoka hapa akaiita mfano wa zote.

Anachoweza kufanya ni kuianzia hapo. Ule ubadilishanaji tuliotumia kwenye uthibitisho unafanya kazi nje yake pia: grafu mbili zozote zenye digrii sawa, nukta kwa nukta, zinafikiana kwa mfululizo wa mabadilishano ya namna hiyo. Kwenye orodha yetu, sura ya kwanza ina viungo AB, AC, BD na EF. Kata AB na EF, unganisha A na E, B na F. Sasa A imeshika C na E, B imeshika D na F, digrii zote ni zilezile, na ile minyororo miwili ambayo kuondoa kwa kuanza na mkubwa kusingeifikia kamwe imepatikana kwa badilishano moja.